Kinanda kilichotumika, kimepungukiwa na vitu: bei yake ya haki ni ipi?

*"Fundi, habari za kazi. Nimeona kinanda cha vibonyezo 61 kinauzwa, kimetumika miaka kama minne. Hakina adapta, kile kibao cha kuwekea nota hakipo na kifuniko cha betri kimepotea. Mwenyewe anasema vibonyezo vitatu tu havitoi sauti, vingine vyote viko sawa. Anataka nusu ya bei ya kipya. Ni haki? Ni cha binti yangu anayeanza kujifunza. Na kama nikiamua kuchukua gitaa la zamani badala yake, hesabu ni hiyo hiyo?"*

Nzuri, dada yangu. Nusu ya bei ya kipya ni bei ya kinanda kizima kilichotumika, na hicho si kizima. Kwa namna ulivyokieleza, bei yake ya haki inakaa karibu na thuluthi moja ya bei ya kipya, tena kwa sharti kwamba kiwake mbele ya macho yako na vibonyezo vibovu viwe vitatu kweli. Kisipowaka, au vikizidi vitatu, tunazungumzia bei nyingine kabisa.

Ili tusibabaishwe na fedha, tuseme kinanda kipya cha aina hiyo kinauzwa 100. Kila namba nitakayoitaja ni sehemu ya hiyo 100, nawe utaigeuza kuwa fedha ukishajua bei ya dukani. Ila ujue mapema kwamba hatuanzi kuhesabu kutoka kwenye 100. Wauzaji wengi huanzia hapo: kipya ni 100, mimi nimekupunguzia nusu, unataka nini tena? Mahali sahihi pa kuanzia ni bei ambayo watu wanalipa kweli kwa kinanda hicho hicho kilichotumika, chenye kila kitu chake na kisicho na ubovu. Tafuta matangazo kadhaa ya modeli hiyo hiyo kwa jina na namba yake kamili, maana tarakimu moja ikibadilika inaweza kuwa ni kinanda kingine. Usichukue bei ya tangazo lililokaa miezi bila mnunuzi. Chukua bei ya vile vilivyoondoka haraka, na ukiweza waulize waliouza walipokea kiasi gani mwishoni. Kwa vinanda vya nyumbani vya miaka michache, vizima, mimi huona bei zikitulia kati ya 50 na 60. Tuchukue 55. Mikwaruzo ya kawaida, maandishi yaliyofifia kidogo na vumbi vyote vimo ndani ya hiyo 55, kwa hiyo usivitumie tena kupunguza bei. Huko kutakuwa ni kumwonea mwenye mali.

Kutoka kwenye 55 tunatoa gharama ya kukirudisha kinanda kwenye hali ya hiyo 55: spea kwa bei utakayoilipa wewe, na kazi ya fundi. Hapa watu wengi hukosea kwa kupiga hesabu ya uwiano. Wanasema vibonyezo vitatu kati ya 61 ni kama sehemu tano tu za mia, basi tupunguze kidogo hivyo. Kinanda hakifanyi kazi hivyo. Kibonyezo kimoja kikifa katikati ya kinanda, mtoto hawezi kupiga wimbo wowote unaopita hapo, na kukitengeneza ni lazima kinanda chote kifunguliwe. Utakigeuza tumbo juu, utatoa skrubu nyingi za urefu tofauti, utachomoa nyaya bapa kwa uangalifu, utanyanyua vibonyezo, ndipo utafika kwenye tatizo. Gharama iko kwenye kufungua na kufunga. Kwa hiyo kusafisha kibonyezo kimoja na kusafisha kumi ni karibu kazi ile ile kwa bei ile ile, na ndiyo maana swali la maana kuliko idadi ni kwamba vimekufa kwa sababu gani.

Nikueleze kilichomo ndani, kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha kama ubovu huo ni wa bei rahisi au wa bei ghali. Chini ya vibonyezo kuna ukanda wa mpira laini wenye vinundu, na chini ya kila kinundu, kwenye vinanda vinavyohisi nguvu ya kidole, kuna vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kinundu kinashuka na vidoa vinagusa njia za kaboni zilizochorwa kwenye bodi. Ni viwili kwa sababu kinanda kinapima muda unaopita kati ya kidoa cha kwanza kugusa na cha pili kugusa. Muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu, muda mrefu maana yake umegusa taratibu. Vumbi, unyevu au soda iliyomwagika ikiingia hapo, kidoa kimoja au vyote viwili vinashindwa kupitisha umeme. Ndipo unapata kibonyezo kisichotoa sauti, kinachotoa sauti ukikigandamiza tu, au kinachotoka kwa kishindo hata ukikigusa kwa ncha ya kidole. Hizo zote ni dalili za familia moja.

Uchafu wa namna hiyo husafishwa kwa pamba na spiriti ya isopropili, mpira unarudishwa, na kazi imekwisha. Kama kaboni ya mpira imelika, ukanda hubadilishwa. Ukanda huja kwa vipande, mara nyingi kimoja kwa kila oktava, kwa hiyo hununui wa kinanda kizima. Fundi anayejua kazi huanza kwa kubadilishana vipande: anauhamishia ukanda wa oktava mbovu kwenye oktava nzima. Ubovu ukihama pamoja na mpira, mpira ndio mbovu. Ukibaki palepale, tatizo ni la bodi. Ukimwona anakwangua njia za kaboni kwa wembe au msasa, mzuie, kwa sababu anaiondoa ile kaboni yenyewe inayopitisha umeme.

Sasa upande wa ghali. Bodi haina waya mmoja kwa kila kibonyezo. Vibonyezo vimepangwa kwa mistari inayokatana, kila mstari ukihudumia vibonyezo kadhaa, mara nyingi sita au nane. Mstari mmoja ukikatika, kwa mfano bodi ilipata ufa baada ya kinanda kuanguka, au njia yake imeliwa na kutu ya kinywaji kilichomwagika, havifi vibonyezo viwili vitatu. Linakufa kundi, na vilivyokufa vina mpangilio. Ama vinafuatana kama kipande kizima cha kinanda, ama vimeachana kwa hatua sawa: ukihesabu vyeupe na vyeusi kwa pamoja unakuta kila cha sita au kila cha nane kimenyamaza. Ukiuona mpangilio wa namna hiyo, usikubali kuambiwa ni vumbi. Kuunganisha njia iliyokatika kunawezekana kama fundi ataiona, lakini ikibidi kubadilisha bodi, utahangaika kuipata, na ukiipata, bei yake inaweza kula nusu ya thamani ya kinanda.

Kwa hiyo neno "vitatu tu" halitoshi. Muuzaji huhesabu vile alivyokutana navyo kwenye nyimbo zake, na anayepiga nyimbo za makodi matatu haendi pembeni kabisa ya kinanda. Utavipitia vyote 61 mwenyewe. Weka sauti ya piano ya kawaida, zima mdundo, kisha piga kutoka kushoto hadi kulia mara mbili: mara ya kwanza taratibu sana, mara ya pili kwa nguvu ya wastani. Andika kwenye karatasi namba ya kila kibonyezo chenye shida, ukihesabu vyeusi pia. Ukipata namba kama 27, 28 na 30, umepata vibonyezo vya jirani, na hapo nafikiria uchafu au kimiminika. Elekeza tochi ya simu kwenye nafasi kati ya vibonyezo hivyo utafute doa linalong'aa au kunata, na uone kama kuna kinachorudi juu polepole kuliko wenzake. Ukipata 13, 21, 29, 37, basi vimeachana nane nane, na hapo ubovu uko kwenye bodi au kwenye waya wake, haidhuru muuzaji alitaja vingapi.

Vipo pia vibonyezo vilivyovunjika kwa plastiki, ambavyo hulala chini au hutikisika kushoto na kulia. Hiyo ni spea ya kibonyezo kimoja, hupatikana kutoka kinanda kilichokufa cha modeli hiyo, ila lazima kiwe cha noti ile ile, kwa sababu kibonyezo cheupe cha Do kimekatwa tofauti na cha Re.

Adapta nayo inahitaji maelezo, kwa sababu adapta iliyopotea ndiyo kasoro inayoonekana ndogo kuliko zote na ndiyo inayoficha mambo. Karibu na tundu la umeme, mara nyingi pameandikwa `DC IN`, kuna volti na mchoro mdogo wa nukta iliyozungukwa na upinde, wenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande mwingine. Mchoro huo unaeleza kama chanya iko katikati ya plagi au pembeni. Vinanda vingi vya nyumbani vya Yamaha hutumia volti 12 na chanya katikati. Vinanda vingi vya zamani vya Casio hutumia volti 9, na katikati ni hasi. Plagi ya kimoja inaweza kuingia vizuri kwenye kingine, lakini umeme ukaingia kinyumenyume. Mtu aliyepoteza adapta huazima ya jirani, anachomeka ya redio, anajaribu ya kamera. Baadhi ya majaribio hayo huunguza sehemu ya ulinzi iliyo karibu na tundu, na kinanda kinaendelea kuwaka kwa betri kana kwamba hakijapata chochote.

Ndiyo sababu unahitaji majaribio mawili. La kwanza ni la betri. Vinanda vingi vya kubebeka huchukua betri sita, ama kubwa ama ndogo, na ukubwa wake umeandikwa ndani ya chumba chake. Nunua mpya uende nazo. Kwa kuwa kifuniko hakipo, zishike kwa kipande cha kadibodi na utepe wa kunata, la sivyo zitaruka ukikigeuza. Kabla ya kuziweka tazama springi za humo ndani: zikiwa na unga mweupe au wa kijani, betri za zamani zilivuja, na uliza zilikaa humo kwa muda gani. Kikiwaka kwa betri, umethibitisha kwamba ubongo wake ni mzima. Hujathibitisha tundu la umeme. Jaribio la pili ni adapta sahihi ya kuazima, yenye volti zile zile, mwelekeo ule ule wa chanya, na ampea sawa au zaidi ya zilizoandikwa. Ichomeke, kisha itikise plagi kidogo ukiwa umeshikilia noti ndefu. Sauti ikikatika, lehemu ya tundu imeachia, jambo la kawaida sana kwenye vinanda vilivyovutwa waya mara kwa mara.

Adapta ya kuazima isipopatikana, usikate tamaa na kinanda, ila kata bei kidogo kwa hatari kwamba tundu ni bovu. Kutengeneza tundu nako ni kufungua kinanda, lakini kama kitafunguliwa kwa ajili ya vibonyezo, fundi atafanya zote mbili kwa safari moja, na nyongeza inakuwa ndogo.

Mambo mengine nitayapita haraka. Skrini iwe na maandishi yanayosomeka yote, kwa sababu skrini iliyopoteza mistari mara nyingi haina spea. Ikiwa hivyo haipunguzwi kwa gharama ya spea bali kwa kushusha 55 yenyewe, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye naye atakutana nayo. Piga noti nene za chini kwa sauti kubwa kusikiliza kama spika zinakoroma. Chomeka hedifoni na uzichomoe: spika zizime na kurudi zenyewe. Na kama kinanda kinatoa sauti za ajabu, noti za upande mmoja zinalia kama tarumbeta au zote zimepanda, hiyo inaweza kuwa mipangilio tu. Kwenye Yamaha nyingi za PSR-E, ukishikilia kibonyezo cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha, kinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mwombe mwenyewe ruhusa kwanza, kwa maana nyimbo alizorekodi zinaweza kufutika.

Sasa tupige hesabu ya kinanda chako, tukiamini kimewaka kwa betri, vibonyezo vibovu ni vitatu vya jirani, na tundu halikupimwa.

Tunaanza na 55. Adapta tunatoa 8. Ya kiwandani inaweza kufika 10, ya aina nyingine yenye vipimo sahihi inaweza kuwa 5, na si haki kumtoza muuzaji ya ghali kisha wewe ununue ya rahisi. Kufungua, kusafisha na kufunga tunatoa 9. Kibao cha nota ni 3. Ni kipande cha plastiki, ila kila modeli ina chake na mara nyingi huagizwa. Kifuniko cha betri ni 2, hata kama binti yako atatumia umeme siku zote, kwa sababu utakapokiuza wewe, mnunuzi wako atakukata hizo hizo 2. Jumla ni 22, na tumebakiwa na 33.

Pedali ya kuburuza sauti na stendi hatutoi chochote. Vinanda vingi vya daraja hili huuzwa vipya bila vitu hivyo. Kitabu cha maelekezo pia hakina bei, kwa sababu watengenezaji wakubwa huviweka bure kwenye tovuti zao. Ukianza kudai punguzo kwa vitu ambavyo hata dukani havimo kwenye boksi, muuzaji mwenye akili atajua unapapasa tu, na hoja zako nzuri zitapoteza uzito.

Inabaki hatari, yaani yale ambayo hamjayaona nyote wawili. Kwenye kinanda chako ziko mbili. Moja ni kwamba tundu linaweza kuwa limeungua, nyongeza ya kama 4 kwa fundi ambaye tayari amekifungua. Nyingine ni kwamba vibonyezo hivyo vitatu vinaweza kuhitaji ukanda mpya wa mpira, kama 5 nyingine. Hakuna kati ya hizo iliyothibitika, kwa hiyo si haki kutoa 9 zote, na si haki pia wewe uzibebe zote. Mimi hugawa hatari isiyojulikana nusu kwa nusu. Tunatoa 4 au 5, tunafika 28 au 29. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Kikomo chako ni 33, na unaweza kulipa hiyo 33 bila kinyongo kama adapta ya kuazima itapatikana na tundu likapita mtihani. Ukivuka hapo, jumla yako baada ya matengenezo itakuwa imefika au imepita 55, yaani umelipa bei ya kinanda kizima na usumbufu wa fundi juu yake.

Zungumza na mwenyewe kwa kumwonyesha hesabu, usiseme tu "punguza". Akikujibu kwamba adapta inapatikana popote kwa bei rahisi, mwambie kwa heshima kwamba basi aiweke yeye, nawe utamwongezea 8. Akisema vibonyezo ni vumbi tu, avipeleke kusafishwa, na vikilia vyote utaongeza 9. Hilo si la ubishi. Unampa njia ya kuifikia karibu ile bei anayoitaka, na ana haki nayo kama kinanda kitakuwa kimekamilika. Wapo wanaokubali, na huo ndio mkataba mzuri kuliko wote kwa mtu asiye fundi, kwa sababu kazi ikishindikana, haikushindikana mikononi mwako.

Kama karatasi yako itaonyesha ule mpangilio wa hatua sawa, hesabu inageuka. Toa 13 za adapta, kibao na kifuniko, kisha weka 25 kwa kazi ya bodi ambayo haina uhakika, na kinabaki kama 17. Kwa fundi mwenye vinanda vingine viwili vya modeli hiyo, hiyo ni bei ya kufikiria. Kwa mtoto anayeanza, kiache hata kwa 17. Na kama hakikuwaka kabisa, maneno ya "kilikuwa kinafanya kazi kabla adapta haijapotea" hayana bei. Kinanda kisichowaka kinauzwa kama mzigo wa spea, vibonyezo, spika na maganda yake, na sijawahi kumshauri mtu alipe zaidi ya 10 hapo.

Gitaa: hesabu ni hiyo hiyo, lakini uzito unahama. Kwenye gitaa la mbao lisilotumia umeme, karibu kila kinachopotea ni cha bei ndogo. Nyuzi zibadilishe hata kama zipo. Kitufe kimoja cha kukazia uzi kikivunjika, mara nyingi utalazimika kununua seti, nayo bado si ghali. Ubovu unaoua bei ni ule ambao hakuna kitu kilichopotea: shingo kuinuka mbele baada ya miaka ya mvutano wa nyuzi, nyuzi zikakaa juu sana na vidole vya mtoto vikauma.

Nenda na rula. Pima kutoka juu ya chuma cha 12 kati ya vile vilivyolala kukata shingo, ukihesabu kutoka kichwani, hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2 hadi 3 ni sawa kwa gitaa la nyuzi za chuma. Ukikuta 4 au zaidi, tazama kile kipande chembamba cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Kila milimita 1 ikisagwa chini yake, nyuzi zinashuka kama nusu milimita pale kwenye chuma cha 12. Kama kipande kimesimama juu vya kutosha, kusagwa ni kazi ndogo, na unakata gharama hiyo tu. Kama tayari kimelala karibu na mbao na nyuzi bado ziko juu, hakuna cha kusaga. Muuzaji anaweza kusema kuna chuma ndani ya shingo cha kuzungusha. Kipo kwenye magitaa mengi, ila kinanyoosha mpindo wa shingo yenyewe, hakibadilishi pembe ambayo shingo imeungana na mwili. Kuitoa shingo na kuiunganisha upya ni kazi ambayo kwa gitaa la bei ya kawaida huzidi thamani ya gitaa zima. Kwa hiyo hapo hakuna la kukata kwenye 55; gitaa hilo mwachie mwenyewe, hata likiwa linang'aa na lina kila kitu chake.